Dari Nyeupe ya Mama Povu

Mkataba ulimfikia Mama Povu ukiwa ndani ya mfuko wa nailoni, umeletwa na mlinzi wa jengo, kama vile ni shati la mtu la kufuliwa. Mlinzi aliutua juu ya kaunta, akafuta jasho.

"Meneja anasema usaini kila ukurasa, mama. Na anasema usimcheleweshe."

"Yeye kodi yangu ikiwahi huwa ananishukuru?" akauliza Mama Povu, mikono yake ingali na sabuni hadi viwikoni.

Mlinzi akacheka kwa pua, akaenda zake. Kazi yake ilikuwa kufikisha, si kujibu.

Jina la Mama Povu halikutoka kwa mtoto. Lilitoka kwa mashine yake ya kwanza ya kufulia, ile ya mitumba, iliyokataa kuzimika siku ya kwanza kabisa ya biashara. Povu lilijaa duka, likapita chini ya mlango, likavuka njia hadi kwa kinyozi wa upande wa pili. Mtaa mzima ulitoka kushangaa. Tangu hapo hata zahanati iliyokuwa ikimletea shuka zake iliandika hivyo hivyo kwenye mafurushi: Kwa Mama Povu.

Duka lenyewe alilikuta likiwa ghala la magunia. Ni yeye aliyepasua sakafu akachimba mfereji wa maji machafu hadi kwenye bomba kuu. Ni yeye aliyevuta umeme wa fezi tatu, wenye nguvu za kuendesha mashine kubwa. Ni yeye aliyemwaga zege la kukalia mashine ili zisitembee zikizunguka. Mzee mwenye jengo alikuwa akipita kila mwisho wa mwezi kuchukua kodi, anatazama, anatikisa kichwa kwa furaha, na kusema, "Mwanangu, unapajenga kama pako." Na kweli mzee alifurahi, maana hakutoa hata msumari. Paa lilipovuja chumba cha nyuma, chumba cha kukaushia, Mama Povu alimwambia. Mzee akasema vumilia kidogo. Akavumilia kidogo, kidogo ikawa miaka. Aliweka ndoo. Ndoo ikijaa, anamwaga, anairudisha. Juu ya ndoo, kwenye mbao za dari, doa la kahawia likawa linapanuka mvua hadi mvua, lina kingo kama ramani ya nchi ambayo hakuna anayetaka kuhamia.

Kisha mzee akafa, wanawe wakauza jengo kwa kampuni, na kampuni ikaleta meneja.

Wenye majengo wa siku hizi hawapiti kuchukua kodi. Hawana uso. Wana namba ya akaunti, wana nembo, na wana kijana wa tai anayesema "mimi pia nimeagizwa tu." Ukimtafuta aliyemwagiza, naye ameagizwa. Ukipanda ngazi hiyo mpaka juu hutamkuta mtu. Utakuta mlango umefungwa, na nyuma ya mlango watu wanagawana kilichotoka kwenye sabuni yako.

Mkataba wa mzee ulikuwa ukurasa mmoja, kwa mkono, na muda wake ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi. Huu mpya ulikuwa mnene kama kitabu cha shule, wa miaka sita.

"Saini tu," alisema mdogo wake, aliyekuwa akipiga pasi mchana kutwa na ambaye mtaa ulimwita Pasi kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu ya ulimi. "Hata ukisoma utafanyaje? Utazibeba mashine mgongoni?"

"Nitampelekea wakili."

"Umlipe mtu akusomee! Mimi nitakusomea bure. Sikiliza." Pasi akafungua katikati, akapandisha sauti kama mtangazaji. "'Mpangaji atawajibika.' Ukurasa mwingine: 'Mpangaji atawajibika.' Huu hapa tena: 'Mpangaji atawajibika.' Mwenye jengo je? Haya, huyu hapa: 'Mwenye jengo atakuwa na hiari.' Nimemaliza. Nipe changu."

Walicheka wote wawili, wakacheka mpaka mteja aliyekuja kuchukua suti akacheka bila kujua anacheka nini. Lakini usiku huo Mama Povu aliupeleka mkataba nyumbani, na asubuhi akaenda nao kwa wakili.

*

Wakili alikuwa mwanamke mwenye umri wa kuwa binti yake, ofisi ya chumba kimoja na nusu juu ya duka la vipuri, feni inayolia kila ikigeukia ukutani. Wateja wake walikuwa watu wa namna ya Mama Povu: mwenye saluni, muuza miwani, watu ambao wakishindwa hawana pa kukatia rufaa ila tumboni mwao. Alisoma mkataba kwa penseli mkononi, kimya, akipiga mistari. Mama Povu alihesabu ile mistari kwa macho mpaka akaona bora atazame feni.

"Mama, kuna mambo matatu," wakili alisema mwishowe. "Mengine ni madoido. Tuanze na kodi."

"Nimeona. Asilimia kumi kila mwaka."

"Asilimia kumi juu ya kodi ya mwaka uliotangulia. Siyo juu ya ya leo. Inapanda juu ya ile iliyokwisha kupanda. Mwaka wa sita utakuwa unalipa ya leo na zaidi ya nusu yake juu. Na hiyo ndiyo nafuu. Soma hapa: 'au kodi ya soko, ipi iliyo kubwa.' Maana yake kila mwaka wanaweza kuleta mthamini wao, aseme duka hili sokoni lingepangishwa kwa kiasi gani. Akisema zaidi ya asilimia kumi, unalipa hiyo. Akisema soko limeanguka, unalipa asilimia kumi vilevile. Haishuki hata siku moja."

"Na huyo mthamini anachaguliwa na nani?"

"Na wao. Na anathamini duka 'pamoja na maboresho yote yaliyomo'. Mfereji wako. Umeme wako. Zege lako."

Mama Povu akasema polepole, kama anayetafuna kitu kigumu, "Kwa hiyo nililipa kuuchimba mfereji. Halafu nitalipa kodi ya mfereji."

"Na ukiondoka, kifungu hiki hapa, watakutaka uufukie, urudishe sakafu ilivyokuwa."

"Ilikuwa ghala la magunia!"

"Ndiyo, mama."

"Niwarudishie na magunia?"

Wakili alicheka, kisha akaona mama hacheki, akaacha.

Jambo la pili lilikuwa kuondoka. Kampuni ingeweza kuvunja mkataba wakati wowote ikitaka kujenga upya, kwa notisi ya miezi mitatu. Mama Povu asingeweza kuvunja kabla ya mwaka wa tatu kwisha, tena kwa notisi ya miezi sita, na kwa sharti moja: awe ametimiza masharti yote ya mkataba.

"Mimi huwa natimiza," alisema Mama Povu.

"Hakuna anayetimiza yote, mama. Hilo ndilo lengo lake. Ukitoa notisi, wanakuja kukagua. Wakikuta kigae kimepasuka, bomba linachuruzika, hujatimiza. Notisi yako ni bure. Unaendelea kudaiwa kodi hadi mwaka wa sita, hata kama mlango umeufunga na mashine umeuza." Wakili akageuza kurasa. "Ndiyo maana jambo la tatu ndilo baya kuliko yote. Matengenezo. Hapa wanasema utaliweka duka katika hali njema na kulitunza hivyo, 'pamoja na paa, kuta na mabomba'. Si kulitunza tu. Kuliweka. Hata kilichoharibika kabla yako ni chako kukitengeneza. Paa likoje?"

"Paa?" Mama Povu akashusha pumzi. "Paa linavuja tangu enzi za mzee. Mabati yameoza kule nyuma. Fundi aliniambia zamani, hapa hakuna cha kuziba, hapa ni kubadilisha paa zima."

Penseli ikasimama. "Na dalili zinaonekana?"

"Kuna doa kubwa. Wateja wakiingia nyuma naona aibu."

"Vizuri sana," wakili akasema, na Mama Povu akashangaa ni nini kizuri. "Nitawaandikia. Tutaomba paa liwe lao. Watakataa, najua watakataa. Wakikataa tutaomba tuambatishe kielelezo cha hali ya jengo. Picha, zinasainiwa na pande zote, na kifungu kwamba hutawajibika kuliweka duka katika hali bora kuliko hiyo ya kwenye picha. Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa, mwanangu," alisema Mama Povu.

Alichoelewa ni kwamba watakuja kupiga picha.

Hapa ndipo mtu anaweza kumlaumu mmoja au mwingine. Wakili alikuwa na mteja mwingine ngazini, na maneno kama kielelezo cha hali alikuwa ameyasema mara nyingi hata kwake yakawa mepesi. Mama Povu naye alikuwa mtu aliyefundishwa na maisha kutouliza mara ya pili mbele ya watu waliosoma, maana mara ya pili ndipo wanapoanza kukutazama vile. Nani alimfundisha hivyo? Kila dirisha alilowahi kupanga foleni. Kila karani aliyemwambia "si nimeshakueleza?" Deni hilo ni la zamani kuliko wote wawili, na siku lilipodaiwa, lilidaiwa kwa Mama Povu.

*

Wiki ikapita, kisha ujumbe ukaingia kwenye simu: *Paa wamekataa. Picha wamekubali! Kesho kutwa asubuhi nakuja na meneja kupiga picha za duka. Hongera mama.*

Mama Povu aliusoma kwa sauti. Pasi akaacha kupiga pasi.

"Meneja mwenyewe? Anakuja humu?"

"Na wakili. Kupiga picha."

Wote wawili wakatazama juu kwa pamoja.

Ujue hawa walikuwa madobi. Maisha yao yote watu waliwaletea uchafu wakiwa wameukunja ndani-nje ili usionekane, nao wakaurudisha ukiwa haupo. Doa la mvinyo, doa la damu, doa la wino mfukoni, hawakumuuliza mtu limetoka wapi. Kazi yao ilikuwa kulifanya lisiwe limekuwepo. Sasa mwenye jengo anakuja na kamera, na juu ya vichwa vyao kuna doa la ukubwa wa godoro.

"Atasema sisi ni wachafu," alisema Pasi. "Mkataba una kifungu cha usafi, nilikiona. Atasema dobi gani huyu, kwake kwenyewe kunanuka unyevu. Ampe mtu mwingine duka."

"Wakili kasema hongera."

"Basi tusimtie aibu wakili."

Wakamwita fundi siku hiyo hiyo. Fundi alipanda juu ya mabati, akarudi amekunja uso. "Dada, nitapaka lami kwenye matundu na juu yake rangi ya fedha. Itang'aa. Lakini mimi simo. Hii ni kumpaka maiti poda."

"Ipake," alisema Mama Povu.

Fundi akang'oa mbao zilizooza, akapigilia mpya. Akapaka nyeupe, mkono wa kwanza, mkono wa pili. Pasi alisugua kuta kwa dawa ya madoa ya kola za mashati. Waliondoa ndoo. Hata ile duara iliyoachwa na ndoo kwenye sakafu, Mama Povu aliipigia magoti akaisugua kwa brashi ya kucha mpaka ikafutika. Kinyozi wa ng'ambo alivuka njia, mkasi mkononi na mteja kamwacha kitini nusu kichwa.

"Dada, kuna harusi?"

"Meneja anakuja kupiga picha. Wakili wangu kapanga."

Kinyozi akaingia hadi nyuma, akainua shingo, akapiga mluzi. "Mbona kama hospitali ya wenye nazo! Kwangu mimi dari inanimwagikia mchanga kwenye vichwa vya watu. Wananiuliza, hii ni dawa ya mba?" Akarudi kwa mteja wake huku anageuka nyuma kutazama, mara mbili.

*

Meneja alikuja kwa wakati, tai ya buluu, viatu ambavyo Mama Povu aliona mara moja kuwa havijawahi kukanyaga maji. Wakili alikuja nyuma yake akihema, simu tayari mkononi.

"Shangazi!" meneja alisema, ingawa hapakuwa na undugu wowote kati yao. "Duka zuri! Kama wapangaji wote wangekuwa kama wewe, mimi ningelala usingizi."

"Karibuni, karibuni ndani."

Wakili hakukawia na sifa. Alipita moja kwa moja hadi chumba cha kukaushia, akawasha taa, akainua simu juu. Akaishusha. Akazunguka, akainua tena, akatazama kona hii, kona ile. Mama Povu alisimama mlangoni na tabasamu ambalo alikuwa amejiandalia tangu alfajiri.

"Mama," wakili aliuliza kwa sauti ndogo. "Liko wapi?"

"Nini, mwanangu?"

"Doa."

"Halipo," alisema Mama Povu. "Tumeliondoa."

Wakili alimtazama mama kwa namna ambayo Mama Povu aliijua. Yeye mwenyewe aliwahi kuwatazama hivyo watu waliomletea nguo ya hariri baada ya kuichemsha wenyewe.

"Limeondolewa lini?"

"Jana na juzi. Si ulisema mnakuja na kamera?"

Wakili akafumba macho, akayafumbua. Akamgeukia meneja haraka. "Paa hili lina historia ya kuvuja. Tutaandika kwenye kielelezo, chini ya picha: paa lilikuwa likivuja, mabati yameoza, sehemu ya nyuma."

"Linavuja wapi?" meneja aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kusaidia. "Nionyeshe, wakili. Mimi naona dari mpya."

"Tupande juu tuone mabati."

"Tupande."

Ngazi ya fundi ilikuwa bado imeegemea ukuta wa uani. Wakili alivua viatu, akapanda akiwa ameshika sketi kwa mkono mmoja. Mama Povu aliishika ngazi chini, na kutoka pale aliona nyayo za binti yule zikisimama kwenye kidato cha mwisho, zimesimama tu, hazisogei. Juu, rangi ya fedha ilikuwa inawaka jua kiasi cha kuumiza macho. Matundu yote yalikuwa chini yake, yametulia.

"Fundi wake atatoa maelezo," wakili alisema aliposhuka. "Na majirani. Na wateja."

"Yaani mpangaji alete watu wake waseme kwamba kitu kizuri ninachokiona ni kibovu?" Meneja alitabasamu, akatikisa kichwa. "Mimi ofisini nimekubaliwa kitu kimoja, picha. Nimekuja kwa ajili ya picha. Nikiandika habari za uvujaji ambao sikuuona, nitaulizwa umeuona wapi. Mvua ikinyesha likavuja, shangazi, nipigie."

"Akikupigia utamwambia paa ni la kwake," wakili alisema. "Mkataba ndivyo unavyosema."

"Basi kwa nini tunabishana?" Na alikuwa mkweli kabisa, hilo ndilo lililomchoma Mama Povu. Alisema kama anavyosema mtu kwamba kesho jua litachomoza. Akatoa simu yake mwenyewe, nzuri kuliko ya wakili, akaanza kupiga picha. Alipiga dari. Alipiga kila kona ya dari. Alimwomba Pasi asogee kidogo, asimzibie mwanga.

*

Siku chache baadaye walikutana ofisini kwa wakili, wawili tu. Feni ililia, ikageuka, ikalia.

"Nisamehe," Mama Povu alisema.

"Hapana, mama. Ilinipasa nikwambie kwa maneno mengine: usiguse kitu." Wakili alisukuma penseli mezani. "Sasa picha zinakufunga badala ya kukufungua. Zinasema ulipokea duka lenye dari nyeupe na paa linalong'aa, na miaka sita baadaye wanataka dari nyeupe na paa linalong'aa. Ningependa tuziondoe kabisa. Nimempigia, amekataa. Anazipenda mno."

"Na yale mengine?"

"Nimepata mawili madogo. Mthamini hatahesabu mfereji, umeme na zege lako. Hilo wamekubali kwa maandishi. Na notisi yao wakitaka kujenga imekuwa miezi sita, kama yako. 'Ipi iliyo kubwa' imebaki. Masharti yako ya kuondoka yamebaki. Niliomba iwe tu kodi umelipa na duka umekabidhi likiwa tupu. Wamesema hapana."

"Kwa hiyo paa likivuja mwaka wa tatu, na mimi nataka kuondoka kwa sababu kodi imenishinda..."

"Kwanza utalijenga paa. Halafu ndipo utaweza kuondoka."

"Nitakuwa na pesa ya paa lakini sina ya kodi."

"Ndiyo."

"Mtu mwenye uwezo wa paa zima anaondoka kwenda wapi? Si angekaa!"

Wakili alisema tu: "Ushauri wangu ni usisaini, mama. Ushauri wangu ni utafute duka lingine."

Mama Povu alikuwa amekwisha kulitafuta. Kwa siku tatu alizunguka mitaa hata asiyoijua. Maduka yalikuwepo, lililokuwa na mfereji halikuwepo, na lililokuwa na fezi tatu lilikuwa la kampuni hiyo hiyo, na mkataba ule ule, ila jalada lilikuwa la kijani. Kungoja nako kulikuwa hakungojeki. Mwisho wa mwezi ukifika bila saini, mkataba wa mzee unakufa, kampuni inampa siku za kutoa vitu, na ndani ya siku hizo angeuacha mfereji aliouchimba mwenyewe na kuzing'oa mashine kwenye zege. Na zahanati ingeleta shuka zake asubuhi, kama kila asubuhi, ikute mlango umefungwa.

"Nipe kalamu," alisema.

Alisaini kila ukurasa. Wakili alishuhudia kila ukurasa. Chini kabisa, kwenye zile picha, Mama Povu alisaini juu ya dari yake mwenyewe, mara nne, kwa sababu meneja alikuwa amepiga kona zote nne.

Walipomaliza, wakili alivuta karatasi nyingine, moja tu, akaiweka mezani bila kumtazama usoni.

"Na hii?"

"Ni ya hapa ofisini. Inasema nilikushauri usisaini, nawe ukaamua mwenyewe."

Mama Povu aliisoma yote, pole pole, maana sasa alikuwa amejifunza. Ilikuwa fupi, na ya kweli kila neno. Binti yule naye alikuwa na kodi ya chumba kimoja na nusu, na juu yake mtu asiye na uso. Kila mtu katika jambo hili alikuwa na karatasi ya kumkinga, isipokuwa aliyelipia zote.

Akasaini.

*

Alifika dukani mchana umeinama. Pasi aliinua macho, akaona uso wa dada yake. Akamvutia kiti. Mama Povu hakukaa. Alisimama katikati ya chumba cha nyuma akitazama juu, palipokuwa peupe pe, pasipo na kitu cha kuonyesha kwamba aliwahi kulalamika.

"Hodi, dada!" Kinyozi aliingia akiwa amebeba mfuko wa nailoni, na Mama Povu aliujua ule mfuko kabla hajaufungua. "Na mimi nimeletewa wangu. Meneja kaniambia, jirani yako anasaini leo, tena ana wakili, sasa wewe kinyozi unaogopa nini? Nikasema kweli. Nikaona nije unielekeze nianzie wapi."

"Anzia hapa," alisema Mama Povu, akamshika mkono kwa nguvu hata kinyozi akashtuka. "Sikiliza. Nenda sasa hivi, chukua simu, ipige picha dari yako. Ule mchanga unaodondoka, upige. Nyufa, zipige zote. Usifagie. Mtu asiguse kitu humo ndani mpaka mwenye jengo asaini kwamba ameviona. Umenielewa? Si kama mimi nilivyoelewa. Niambie umeelewa nini."

Kinyozi alimtazama, kisha akatazama ile dari juu yao, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. Kwenye kucha, na kwenye vinyweleo vya mkono hadi karibu na kiwiko, kulikuwa na matone ya rangi nyeupe yaliyokauka.

"Nimemaliza kuipaka dari mkono wa pili sasa hivi," alisema. "Nilimwita fundi yule yule wako. Nilivyoona kwako palivyopendeza..."

Pasi aliweka pasi chini.

Nje gari la zahanati lilipiga honi, dereva akashuka na furushi la shuka begani, akaliingiza ndani, akalitua sakafuni kati yao. Wote watatu walilitazama. Dereva aliuliza kama zile za jana ziko tayari. Mama Povu akasema ziko tayari, akaziendea.